Picha Hii Inahitaji Maneno? Namna ya Kuamua Kati ya Maelezo, Emoji na Kimya

Mtu akishachagua picha ya kuweka mtandaoni, mara nyingi hukwama kwenye kile kisanduku kitupu cha maandishi akijiuliza, "Sasa niandike nini?" Swali hilo limeruka hatua. Limeshakubali kwamba lazima kitu kiandikwe, na hapo ndipo picha nzuri hubebeshwa misemo ya kuazima, au hufuatwa na safu ya emoji sita ambazo hata aliyeziweka hawezi kueleza zinasema nini.

Swali la kutangulia ni hili: mtu akiiona picha hii bila neno lolote, atauliza nini? Aina ya swali lake ndiyo inayoamua. Akiuliza nani, lini, wapi au nini kimetokea, hilo ni swali la habari, na habari hutolewa kwa maneno. Akiwa ameielewa picha lakini hajui aichukulie vipi, acheke au aone huruma, emoji moja inaweza kumtosha. Na asipouliza chochote, au akiuliza swali ambalo anafurahia kubaki nalo, mwache na picha.

Ninazungumzia picha zetu za kawaida: za stetasi, za kundi la familia, za ukurasa binafsi. Picha za magazeti zina utaratibu wake, kwa sababu gazeti huandikia watu wasiojuana na aliyepigwa picha, kwa hiyo maelezo huwepo karibu kila mara. Sisi tunawaonyesha watu ambao nusu ya habari wanayo tayari. Ugumu uko kwenye ile nusu nyingine.

Hatua ya kwanza: iangalie picha kwa macho ya asiyekuwepo

Wewe uliyepiga picha ndiye mwamuzi dhaifu kuliko wote. Ukiitazama, kumbukumbu yako inajaza kila pengo: unasikia sauti zilizokuwepo, unajua nani alikuwa amesimama nje ya fremu, unajua kilichotokea dakika moja baadaye. Mtazamaji hana hata kimoja kati ya hivyo.

Njia rahisi ni kumwonyesha mtu mmoja ambaye hakuwepo. Usimuulize, "Nzuri, eh?" kwa sababu atasema nzuri. Muulize, "Unaona nini kinaendelea hapa?" kisha nyamaza usikilize sentensi yake ya kwanza. Hiyo ya kwanza ndiyo yenye thamani. Ukianza kumweleza, umeshampa maelezo ambayo wengine hawatayapata.

Kama huna wa kumwonyesha, andika sentensi moja ya yale yanayoonekana tu, bila kuingiza unachokijua. Kwa mfano: "Mwanamke ameshika karatasi, analia." Halafu andika chini yake unachokijua: "Dada amepata matokeo, amefaulu." Umbali kati ya sentensi hizo mbili ndio kazi ambayo maelezo yatalazimika kuifanya. Hapa umbali ni mkubwa mno, maana machozi ya kufaulu na ya kufeli kwenye picha yanafanana. Sentensi zako mbili zikikaribiana, kwa mfano "Watoto wanaruka majini" na "Watoto walikuwa wanaruka majini," basi picha imejisemea na huna cha kuongeza.

Hatua ya pili: pima jibu baya zaidi

Ukishalijua swali ambalo picha inazua, jiulize mtazamaji akijijibu vibaya, jibu lake baya kuliko yote litakuwa lipi, na litamuumiza nani.

Chukua picha ya jozi mbili za viatu mlangoni, moja ndogo ya mtoto na nyingine kubwa. Swali linalozuka ni "Vya nani?" Mmoja atasema baba na mwana, mwingine atamfikiria bibi na mjukuu, wa tatu atakumbuka nyumba aliyolelewa. Hakuna jibu linalomdhuru mtu, na kule kujiuliza ndiko kunakomfanya aitazame mara ya pili. Ukiandika "Viatu vya mume wangu na mwanangu" umelifunga swali, na picha imebaki kuwa taarifa ya viatu. Hapa nyamaza.

Sasa chukua picha ya rafiki yako amelala chali sakafuni katikati ya maboksi. Mnahamia nyumba mpya na amechoka. Swali ni "Ameanguka?" na jibu baya zaidi ni kwamba ameumia au amezirai. Mtazamaji hahitaji historia ya kuhama, maana maboksi anayaona. Anahitaji kuambiwa tu kwamba hakuna hatari. Emoji moja ya 😅 inafanya kazi hiyo kikamilifu. Lakini kama mama yake rafiki yako yumo kati ya watakaoiona, na yuko mbali, usimwachie emoji. Andika, "Tumemaliza kuhama, jamaa hana hata nguvu ya kusimama." Mama akiogopa hasomi alama, anapiga simu.

Kipimo hiki cha jibu baya zaidi ndicho ninachokitegemea kuliko vyote, kwa sababu kinamtazama anayeathirika na hakijali kama picha imependeza.

Hatua ya tatu: kagua kimya chako kinasema nini

Watu hudhani picha isiyo na maneno haisemi chochote zaidi ya kinachoonekana. Kwa kweli inasema mengi, kwa sababu kila mtazamaji anakuja na dhana zake za kawaida na kuzitumia pale ambapo hujasema kitu.

Dhana ya kwanza ni kwamba picha iliyowekwa leo ni ya leo. Ukiweka picha ya barabara iliyojaa maji uliyoipiga miaka kadhaa iliyopita, bila tarehe, watu wataelewa kwamba mafuriko yapo sasa hivi. Wengine watabadilisha safari, wengine wataisambaza. Ndiyo njia mojawapo ya kawaida ambayo picha ya kweli hugeuka kuwa habari ya uongo, na haihitaji mtu mwenye nia mbaya. Mwaka peke yake unatosha: "2019." Picha ya zamani yenye jambo linaloweza kudhaniwa kuwa linatokea sasa haifai kuachwa kimya.

Dhana ya pili ni kwamba upo hapo. Picha ya ufukwe uliyoipiga mwezi uliopita inawaambia watu kwamba leo uko ufukweni. Mara nyingi si neno. Lakini kama umemwambia mtu kwamba unaumwa na huwezi kufika kwake, au kama hutaki watu wajue nyumba yako haina mtu, kimya hicho kina gharama.

Dhana ya tatu ni kwamba picha ni yako, wewe ndiye uliyepiga. Ikiwa imepigwa na mwingine, jina lake ni neno ambalo kimya hakiwezi kulibeba. Hapa sina nafasi ya kuyumba: kama picha si yako, kuna maelezo angalau ya maneno mawili, hata picha iwe inajitosheleza kiasi gani.

Dhana ya nne ndiyo nzito, na inahusu picha za watu. Picha ya mtu mmoja, hasa mzee, iliyogeuzwa kuwa nyeusi na nyeupe na kuwekwa bila neno, husomwa na wengi kama tanzia. Hakuna aliyetunga sheria hiyo. Imetokana na mazoea: watu wameona matangazo mengi ya vifo yenye sura hiyo mpaka sura yenyewe imekuwa tangazo. Dhana hii inastahili mfano mzima.

Picha moja ya babu, maamuzi matatu

Tuseme babu ametimiza miaka 80 leo. Una picha uliyoipiga jana jioni: amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, anatazama nje, ana tabasamu dogo. Rangi za pazia zilikuwa zinagombana na shati lake, ukaigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe, ikatulia vizuri sana. Unataka kuiweka kwenye stetasi ya WhatsApp, ambako itakaa saa 24 na kuonwa na kila aliyehifadhi namba yako nawe ukahifadhi yake, kuanzia shangazi hadi fundi aliyekutengenezea friji.

Unaifikiria kimya. Unamwonyesha jirani na kumuuliza anaona nini. Anaitazama, uso unambadilika, anasema, "Jamani, pole sana. Mzee ametutoka lini?" Umepata jibu lako. Jibu baya zaidi halikuhitaji kubuniwa, ndilo lililokuja kwanza.

Unafikiria emoji. Ya kwanza inayokujia ni 🙏, kwa sababu unamshukuru Mungu kwa maisha ya babu. Kwa mtazamaji, mikono iliyokutanishwa chini ya picha ya aina hii ni dua kwa marehemu. Umeongeza uzito kwenye kosa lilelile. Unajaribu ❤️. Moyo mwekundu huwekwa kwa walio hai na waliokufa, haujaondoa shaka. Unajaribu 🎂, na hapa mambo yanakuwa mazuri kidogo, maana sasa inajulikana ni siku ya kuzaliwa. Lakini watu huadhimisha pia siku za kuzaliwa za wapendwa waliofariki, na ile nyeusi na nyeupe bado inavuta upande huo.

Kwa hiyo swali ni la habari, na habari inayokosekana ni moja: babu yu hai na anasherehekea. Unaandika, "Babu katimiza miaka 80 leo. Hapa anawasubiri wajukuu wafike." Neno linalofanya kazi kubwa ni "anawasubiri." Linamweka babu katika wakati uliopo, linaeleza kwa nini anatazama dirishani, na linaligeuza tabasamu lake kuwa na sababu. Ungeandika "Babu yetu mpendwa, miaka 80," ungekuwa umetumia maneno na bado hujaondoa shaka, kwa sababu sentensi hiyo ingeweza kuandikwa juu ya jeneza.

Lakini angalia kinachotokea ukibadilisha mambo mawili. Ukirudisha rangi za picha, ile dhana ya tanzia inapungua sana, na 🎂 peke yake inawatosha wanaomjua babu. Na ukiipeleka picha ileile, hata nyeusi na nyeupe, kwenye kundi la familia ambako kila mtu ametoka kumpigia babu simu asubuhi, hakuna anayehitaji chochote. Ipeleke kimya. Watajaza wenyewe, na watajaza vizuri zaidi kuliko wewe.

Picha ni moja, babu ni mmoja, ila uamuzi umebadilika kulingana na nani anaangalia na anajua nini tayari. Ndiyo maana kunakili maelezo yaleyale kutoka kundi la familia kwenda stetasi na kwenda ukurasa wa wazi mara nyingi hukwama mahali pamoja kati ya hapo.

Hatua ya nne: ipitishe emoji kwenye majaribio mawili

Emoji ina kazi moja inayoiweza: kumwambia mtazamaji aichukulie vipi picha ambayo ameshaielewa. Ukiipa kazi ya kutoa habari inashindwa, kwa sababu watu hawakubaliani juu ya maana yake hata pale tunapodhani wanakubaliana. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, waliwaomba watu waeleze hisia iliyomo katika emoji mbalimbali. Hata walipotazama mchoro uleule, katika robo ya nafasi hawakukubaliana kama hisia ni nzuri, mbaya au ya katikati. Na mchoro wenyewe hubadilika kutoka simu hadi simu. Ile 😁 kwenye simu za Apple za wakati ule ilionekana kwa wengi kama mtu anayesaga meno, ilhali kwenye simu za kampuni nyingine ilikuwa uso wa furaha wazi.

Jaribio la kwanza: isome emoji yako kama neno. Weka mahali pake neno moja au mawili unayokusudia. Kama ni "nimechoka lakini nafurahi," sawa, 😅 inalibeba. Kama huwezi kupata neno, maana yake hukuwa na la kusema na mkono ulikuwa unatafuta kujaza nafasi. Ifute.

Jaribio la pili: isome kwa hali ya kinyume kabisa, kisha uone kama bado inaingia. 🙏 inaingia kwenye shukrani, dua, ombi, msamaha na msiba. 😭 ni kilio kwa mtu mmoja na ni kicheko cha kupasuka mbavu kwa kijana anayemfuata. Kama picha yenyewe iko wazi kwamba ni ya furaha, utata huo hauna madhara. Kama picha ina utata na emoji ina utata, umemwongezea mtazamaji fumbo.

Kwa sababu hiyo kuna jambo moja ambalo emoji haifai kuligusa kabisa: kutangaza msiba, ugonjwa au ajali. Picha ya mtu na 💔 chini yake huanzisha simu ishirini za watu wenye hofu, na baadhi yao ni ndugu ambao hawakupaswa kujua kwa njia hiyo. Habari ya namna hiyo ina jina la mtu, kilichotokea na lini, kwa maneno kamili, baada ya wahusika wa karibu kuambiwa. Kabla ya hapo usiweke picha yoyote.

Kuhusu idadi, moja inatosha. Watu wasioona hutumia programu ya kusoma skrini, VoiceOver kwenye iPhone au TalkBack kwenye Android, na programu hizo hutamka jina la emoji kwa sauti. Nyuso tano za kucheka mfululizo ni usumbufu mtupu kwa anayesikiliza. Na kama kuna maneno, emoji ikae mwishoni ili isimkatize katikati ya sentensi.

Hatua ya tano: kama ni maneno, futa kila kinachoonekana

Umeshaamua kwamba maelezo yanahitajika. Andika rasimu yako bila kujizuia, halafu pitia neno kwa neno na ufute kila ambalo jicho limeshaliona.

Rasimu: "Hapa nikiwa na rafiki yangu tukitabasamu kwa furaha tukiwa tumevaa nguo nyeupe siku ya mahafali yetu." Tabasamu linaonekana. Nguo nyeupe zinaonekana. Furaha inaonekana. Kwamba mko wawili kunaonekana. Yanayobaki ni kwamba ni mahafali, na pengine joho limeshalisema hilo pia. Basi kilichokosekana hakimo hata kwenye rasimu: huyu rafiki ni nani kwako? "Alinikopesha ada ya muhula wa mwisho." Sentensi hiyo haionekani popote kwenye picha, na mtu akishaisoma anarudi kuzitazama zile nyuso mbili upya. (Muombe ruhusa kwanza. Wapo wanaosaidia kwa siri na wangependa ibaki hivyo.)

Ukifuta na usibakiwe na kitu, usitafute cha kuweka badala yake. Picha imekuambia haikuhitaji.

Vivyo hivyo kwa picha zenye maandishi ndani yake, kama cheti, bango au ukurasa wa barua. Mtazamaji anajua kusoma. Maelezo yanafaa tu yakisema kile ambacho maandishi yale hayasemi, kwa mfano kwamba barua imejibiwa baada ya mwaka mzima wa kusubiri.

Urefu sina kiwango cha kukupa, ila jua kwamba Instagram huruhusu hadi herufi 2,200 lakini huonyesha mistari michache tu ya mwanzo, na aliyebaki na hamu lazima abonyeze ili aone zaidi. Kwa hiyo ile habari inayoondoa jibu baya ikae mwanzoni kabisa. Kama picha ni ya mtoto mwenye bendeji kichwani na sentensi ya nne ndiyo inayosema amepona, wengi wataondoka kabla ya kufika huko.

Hatua ya sita: fikiria picha ikisafiri peke yake

Maelezo hayajachorwa kwenye picha. Mtu akiihifadhi kwenye simu yake au kuipiga picha ya skrini na kukata kingo, maneno yako yanabaki nyuma na picha inaendelea na safari. Ndiyo maana kuna picha ambazo maelezo mazuri hayaziokoi.

Jiulize: picha hii ikifika kwa mtu bila maneno yangu, itamdhalilisha aliyemo? Picha ya mtu akitenganisha ugomvi, iliyopigwa katika sekunde ambayo mkono wake umekamata shati la mwingine, inaonyesha mpigaji. Ukiandika "Kaka alikuwa anaamulia," umesema kweli, lakini ukweli huo umekaa mahali ambapo utakatwa. Hapo una njia mbili. Andika maneno ndani ya picha yenyewe, pale ambapo kuyakata ni kukata na picha. Au chagua fremu nyingine, ya sekunde tano baadaye, ambapo kaka amesimama katikati ya wawili. Ya pili ndiyo bora, na kama hiyo fremu haipo, iache picha ibaki kwenye simu yako.

Hatua ya saba: kimya kwa anayeona kisiwe giza kwa asiyeona

Ukiamua kunyamaza, umefanya uamuzi kwa ajili ya watu wanaoiona picha. Asiyeona huenda akabaki na neno "picha" tu kutoka kwenye kisoma skrini chake. Kwake kuna maandishi mbadala, ambayo hayaonekani chini ya picha bali husomwa kwa sauti. Kwenye X bonyeza alama ya `ALT` juu ya picha kabla ya kuichapisha. Kwenye Instagram tafuta `Alt text` ndani ya mipangilio ya chapisho.

Hapa kanuni ya hatua ya tano inageuka kichwa chini: andika kinachoonekana. "Jozi mbili za viatu mlangoni, vidogo vya mtoto kando ya vikubwa vilivyochakaa." Usiseme ni vya nani. Kama wanaoona wameachiwa swali, asiyeona naye ana haki ya kuachiwa swali lilelile.

Baada ya kuiweka: dalili za kwamba uliamua vibaya

Majibu ya watu yatakuambia ndani ya muda mfupi. Watatu wakiuliza swali moja, "Hapa ni wapi?" au "Huyu nani?" ulinyamaza mahali palipohitaji habari. Usimjibu kila mmoja chini kwa chini. Hariri maelezo yenyewe ili wa nne asiulize. Mahali ambapo huwezi kuhariri, futa uweke upya ikiwa na maneno.

Wakijibu maneno na hakuna anayegusia picha, maelezo yako yameimeza. Hilo si baya kama maneno ndiyo uliyotaka yasikike. Kama ni picha uliyotaka itazamwe, safari ijayo punguza maneno au iache tupu.

Na ikija "pole" moja pale ambapo hukutegemea, usisubiri ya pili. Ondoa picha kwanza, kisha mjibu aliyekupa pole kwa upole na umweleze kwamba mhusika hajambo, kwa sababu yeye huenda ameshawaambia wengine. Rudisha picha ikiwa na sentensi yenye kitenzi cha wakati uliopo, na umjulishe aliyemo pichani kabla hajaanza kupokea simu za watu wanaomuuliza kama yu mzima.